Kuajiri muuzaji wa kwanza wa duka: tangazo la kazi na maswali ya usaili

Dada yangu ana duka la mahitaji ya nyumbani Kihonda, Morogoro: unga, sukari, mafuta, sabuni, vocha na uwakala wa pesa za simu. Kwa miaka minne aliliendesha peke yake. Siku alipoamua kutafuta msaidizi aliandika tangazo hili kwenye karatasi, akalibandika mlangoni na kuliweka kwenye statasi yake ya WhatsApp:

"Anahitajika binti wa kuuza duka. Awe mrembo, mchangamfu, umri 18 hadi 25, mcha Mungu, asiwe na mtoto. Mshahara maelewano. Piga simu."

Kwa siku mbili simu haikunyamaza, kiasi kwamba wateja wa uwakala walikuwa wakisubiri yeye amalize kuongea. Karibu kila aliyepiga aliuliza mambo mawili: mshahara kiasi gani, na kazi inaanza saa ngapi inaisha saa ngapi. Majibu hayakuwepo, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa ameyaamua. Alimchukua msichana aliyeongea vizuri kuliko wengine, na baada ya wiki tano wakaachana kwa machozi pande zote mbili. Droo ilikuwa inapungua, na hakuna aliyeweza kusema imepungua lini wala kwa nini.

Mara ya pili tulikaa pamoja tukaanza upya. Ninachoeleza hapa ni njia tuliyoifuata, kwa mpangilio tulioufuata. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Iandike kazi kabla ya kuandika tangazo

Chukua daftari, na kwa wiki moja andika kila saa unachokifanya dukani. Usitegemee kumbukumbu. Dada alikuwa na hakika kwamba anahitaji mtu wa kumfungulia duka asubuhi. Daftari lilionyesha vingine. Kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi watu huja kwa mkate, maziwa na vocha. Wanalipa haraka na kuondoka, na hapo mtu mmoja anatosha. Saa 4 hadi saa 9 mchana duka limetulia. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku ndipo foleni inapofika barabarani: unga wa kupima, mafuta ya kupima, mtu anataka kutoa pesa, mtoto ametumwa kitunguu. Tena kuna siku mbili kwa wiki anazokwenda kufuata mzigo Soko Kuu la Chifu Kingalu, na siku hizo alikuwa anafunga duka saa nne nzima.

Kwa hiyo mtu aliyemhitaji ni wa mchana hadi usiku, na kazi yake kubwa ni tatu: kupima na kuuza, kupokea pesa taslimu na za simu bila kukosea, na kuandika kila kinachotoka. Kufagia na kupanga rafu kupo, lakini mtu hafukuzwi kazi kwa sababu ya rafu. Ukishajua kazi tatu zinazobeba duka lako, tayari unajua tangazo litasema nini na usaili utapima nini. Duka la nguo litakuwa na tatu nyingine, na la vifaa vya ujenzi nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Amua saa na mshahara

Duka la dada linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Hizo ni saa 15, na wenye maduka wengi humwajiri mtu mmoja wakatarajia azibebe zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mwisho wa saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi 6, na saa zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na mfanyakazi lazima awe amekubali. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anapumzika saa moja. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi inahesabiwa kuwa ya usiku na ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

Gawa 45 kwa siku 6, unapata saa 7 na nusu. Ongeza saa moja ya mapumziko, mtu anakuwa dukani saa 8 na nusu. Tulianzia mwisho kurudi nyuma: aondoke saa 2:00 usiku, basi aingie saa 5:30 asubuhi. Anakuwepo kwenye foleni yote ya jioni, anaondoka kabla saa za usiku hazijaanza, na dada anaimalizia saa ya mwisho mwenyewe. Mapumziko yake ni kati ya saa 8 na saa 9 mchana, duka likiwa limetulia.

Mshahara nao usiukisie. Kima cha chini hutangazwa na serikali kwa amri ya mishahara, kila sekta na chake. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa biashara, na kiwango kimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo nenda ofisi ya kazi ya mkoa wako ukaulize cha sasa kabla ya kuandika namba yoyote. Dada aliamua 250,000. Katika hiyo, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake ikikatwa kwa mfanyakazi: yeye anakatwa 25,000 na mwajiri anaongeza 25,000. Mfanyakazi anapokea mkononi 225,000, na duka linatoa 275,000. Namba ya kuipima na faida yako ya mwezi ni hiyo 275,000. Kama duka haliwezi kuibeba katika mwezi mbaya, ajiri mtu wa jioni tu kwa saa chache, umlipe kwa saa hizo.

Hatua ya 3: Liandike tangazo

Rudi kwenye lile tangazo la kwanza ulitazame neno kwa neno. "Binti", "mrembo", "umri 18 hadi 25", "mcha Mungu", "asiwe na mtoto": hakuna hata moja linalohusu kupima sukari wala kuhesabu chenji. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumbagua mtu kwa jinsia, dini, kabila, umri, ndoa, ujauzito, majukumu ya familia, ulemavu na mengine ya aina hiyo, na katazo hilo linamlinda hata anayeomba kazi. Lakini weka sheria pembeni kidogo. Tangazo lile lilimfukuza mama wa miaka 38 aliyeuza genge miaka kumi, likawaita wasichana waliodhani wanatafutwa kwa sura zao. "Mshahara maelewano" nalo humwita kila mtu, mwenye matarajio ya laki tano na asiye na matarajio yoyote, na wewe ndiye utakayetumia siku nzima kuwachambua.

Tangazo zuri linaweka wazi mambo ambayo mtu akiyajua ataamua mwenyewe kuomba au kuacha. Hili ndilo la pili:

"NAFASI YA KAZI: MUUZAJI WA DUKA (mtu 1)

Duka la mahitaji ya nyumbani, Kihonda.

Kazi: kuhudumia wateja, kupima bidhaa kwa mizani, kupokea pesa taslimu na za simu, kuandika mauzo kwenye daftari, kupanga na kusafisha duka. Kazi ni ya kusimama muda mrefu na kunyanyua mizigo hadi kilo 25.

Muda: saa 5:30 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, siku 6 kwa wiki, mapumziko saa moja. Jumapili ni siku ya kupumzika.

Mshahara: 250,000 kwa mwezi, mkononi 225,000 baada ya mchango wa NSSF. Chakula cha mchana kipo. Mkataba wa maandishi.

Sifa: mwanamke au mwanaume, miaka 18 na kuendelea. Ajue kusoma, kuandika na kujumlisha. Uzoefu wa duka, genge, soko au kushika pesa za kikundi ni faida, lakini tutamfundisha asiye nao. Awe na watu wawili wanaomfahamu tunaoweza kuongea nao, na mmoja asiwe ndugu.

Kuomba: tuma ujumbe mfupi (usipige simu) ukitaja jina lako, mtaa unaoishi, na kazi yoyote uliyowahi kufanya, hata ya nyumbani au shambani. Mwisho Ijumaa saa 12 jioni. Tutawaita watu watano. Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi hii."

Angalia sentensi ya kilo 25. Ni uzito wa mfuko wa unga, na ni jambo ambalo mtu akilikuta siku ya kwanza bila kuambiwa ataona amedanganywa. Sentensi ya mwisho kabisa nayo usiiondoe. Matapeli hunakili matangazo ya kazi na kuwadai watu "ada ya fomu", na wanaotafuta kazi wameumizwa sana hapo. Ukitangaza wazi kwamba hudai kitu, unamkinga mtu asiyekujua.

Maneno mawili ambayo maduka mengi huyaandika sisi hatukuyaweka. La kwanza ni "upungufu wowote utakatwa kwenye mshahara". Sheria hairuhusu kukata kiholela hivyo: hasara lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. La pili ni "aje na vyeti halisi tuvitunze". Nakala inatosha. Cheti cha mtu kikikaa kwenye droo yako, umemfunga kamba.

Liweke tangazo mahali watu unaowataka wanapopita. Mlangoni pa duka, statasi ya WhatsApp na kikundi cha mtaa vilitosha. Mtu anayeishi mbali atahitaji nauli mara mbili kwa siku na usafiri wa usiku, kwa hiyo duka dogo halina sababu ya kutangaza mkoa mzima.

Na kama mama yako kijijini tayari amekuchagulia binamu, mpe binamu tangazo hilohilo na usaili huohuo. Simkatai ndugu, dada yetu mwingine alifanya kazi kwa shangazi miaka sita na duka likakua. Tatizo la ndugu ni kwamba akishindwa huwezi kumwambia, kwa hiyo jua uwezo wake kabla hajapanda basi.

Hatua ya 4: Chagua watano

Ujumbe uliokuja ulikuwa 19. Wanne hawakutaja walichoombwa, wakaandika "mambo, nafasi bado ipo?" tu. Hatukuwaita. Kazi ya daftari ni ya mtu anayesoma maelekezo hadi mwisho. Kwa waliobaki tulitafuta kitu kimoja: je, amewahi kubeba dhamana ya kitu cha mtu mwingine? Mmoja aliuza samaki wa kukaanga kwa mtaji wa jirani. Mmoja alikuwa mweka hazina wa kikoba. Mmoja alikuwa kondakta wa daladala. Hizo zote ni kazi za pesa, ingawa hakuna iliyoitwa "muuzaji wa duka". Usihukumu tahajia ya ujumbe. Watu huandika haraka.

Hatua ya 5: Andaa maswali

Makosa makubwa ya usaili wa duka ni maswali yenye jibu moja tu. "Wewe ni mwaminifu?" Nani atasema hapana? "Unapenda kazi hii?" "Utaweza?" Ukiuliza hivyo utamchagua anayejua kuongea, kama dada alivyofanya mara ya kwanza. Uliza kuhusu jambo lililokwisha kutokea, au mpe hali halisi ya dukani kwako asimulie hatua kwa hatua. Maswali matano yanatosha, na kila mtu aulizwe yaleyale kwa mpangilio uleule, la sivyo huwezi kuwalinganisha.

*"Nieleze wakati mmoja uliposhika pesa ambazo si zako. Zilikuwa za nini, ulizihesabu vipi, na ulizikabidhi vipi?"* Sikiliza kama ana utaratibu. Mweka hazina wa kikoba alisema: "Nilikuwa nahesabu mbele ya wote, naandika, halafu mwenyekiti anahesabu tena." Huyo tayari anajua kwamba kuhesabu mbele ya mtu kunamlinda yeye mwenyewe. Anayesema tu "mimi sijawahi kula pesa ya mtu" mwulize tena taratibu: ulizihesabu vipi?

*"Mteja amechukua vitu vya 18,000. Anasema amelipa kwa simu, anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Simu ya duka haijapokea kitu. Nyuma yake kuna watu watano. Unafanyaje?"* Ujumbe wa malipo hughushiwa kirahisi, na saa ya foleni ndiyo saa ya matapeli. Jibu zuri lina mambo mawili pamoja: mzigo hautoki hadi simu ya duka ithibitishe, kwa ujumbe au kwa kuangalia salio, na mteja haitwi mwizi, kwa maana mtandao nao huchelewa. "Naomba usubiri kidogo hapa pembeni, mama, ikifika tu nakupa" ni jibu la mtu aliyewahi kuhudumia watu.

*"Sipo. Mzee mmoja jirani, mtu wa heshima, anataka kilo mbili za sukari kwa mkopo. Anasema mimi huwa nampa. Utamjibu nini?"* Wengi hukimbilia "nitamkatalia" wakidhani ndilo unalotaka kusikia. Afadhali anayeuliza: "Umeniachia utaratibu gani wa mikopo?" au anayesema atapiga simu kwanza. Mwombe akuonyeshe maneno hasa atakayomwambia mzee. Kukataa bila kumvunjia mtu heshima ni ufundi, na duka la mtaani linaishi kwa ufundi huo.

*"Umefunga hesabu jioni, droo imepungua shilingi 4,000. Unafanya nini?"* Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote. Majibu matatu huja. "Haiwezekani ipungue kwangu": huyo hajawahi kuuza. "Nitajazia kwa pesa yangu": linasikika kama uaminifu, na dada alitaka kumpa alama zote. Lakini mtu anayejazia kimya kimya leo amekuficha kwamba kuna tatizo, na keshokutwa, droo ikizidi 3,000, ataona ni haki yake kujirudishia. Pesa ya duka na ya mfukoni zimeshachanganyika. Jibu unalolitaka ni "nitakwambia palepale, halafu tupitie daftari pamoja". Nadhani kujazia huko ndiko kulikomponza yule msichana wa kwanza. Sidhani alikuwa mwizi. Alikuwa anajazia na kujirudishia hadi hesabu ikapotea kabisa.

*"Zamu inaisha saa 2 usiku. Utarudije nyumbani?"* Swali hili linachukua nafasi ya yote ambayo hupaswi kuuliza. Usiulize kama ameolewa, ana watoto wangapi, ana mimba, anasali wapi au ni kabila gani. Unachotaka kujua ni kama ataweza saa hizo. Uliza saa hizo, na umwulize mwanaume vilevile.

Mwishoni mwachie naye aulize. Anayeuliza "kukiwa na kosa kwenye pesa mnafanyaje?" anaifikiria kazi. Hata anayeuliza mshahara unatoka tarehe ngapi ameuliza jambo la maana. Mjibu kwa tarehe.

Hatua ya 6: Jaribio la mezani

Maneno yakiisha, weka vitu mezani. Dakika 20 zinatosha. Fanya usaili saa 4 au 5 asubuhi duka likiwa limetulia, na uwe na mtu wa pili anayeandika. Mimi ndiye niliyeandika.

Kwanza, mauzo. Bei ziandikwe kwenye karatasi mbele yake, kikokotoo kiwepo. Wewe ni mteja: unataka sukari kilo moja na nusu kwa 3,000 kilo, mchele robo tatu kwa 2,800 kilo, na sabuni mbili za 900. Ni 4,500, na 2,100, na 1,800, jumla 8,400. Mpe noti ya 10,000. Kabla hajakurudishia 1,600, sema: "Ngoja, niongezee viberiti viwili vya mia mia. Nakupa na hii 600, unirudishie noti nzima." Jumla sasa ni 8,600, amepokea 10,600, chenji ni 2,000. Hapa ndipo utaona mengi. Atakayesema "ngoja nianze upya" na kuandika, mpe alama zote hata akichelewa. Walaghai wa chenji hufanya hivyohivyo, wanakubadilishia hesabu katikati, na kinga yake ni kusimama. Angalia pia noti yako ya 10,000 ameiweka wapi. Muuzaji mzoefu huiacha juu ya meza hadi chenji ikabidhiwe, ili mtu asije akasema "nilikupa elfu ishirini".

Pili, mizani. Mwambie apime robo kilo ya mchele. Je, anatazama kama mshale upo kwenye sifuri kabla ya kuweka kitu? Anapunguza kwa kijiko au anasema "hiyo hiyo"? Gramu 20 za zawadi kwa kila robo ni hasara yako, na gramu 20 za wizi ni mteja asiyerudi. Hakikisha basi mizani yako mwenyewe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, usije ukampima mtu kwa mizani mbovu.

Tatu, kufunga hesabu. Tulimpa kila mmoja karatasi hii: asubuhi droo ilianza na 50,000 za chenji. Mauzo yote ya siku kwenye daftari ni 312,500. Katika hayo, 84,000 yalilipwa kwa simu na 8,500 ni mikopo. Muuza mkate alilipwa 26,000 kutoka kwenye droo. Droo inapaswa kuwa na shilingi ngapi? 50,000 ongeza 312,500, toa 84,000, toa 8,500, toa 26,000: inabaki 244,000. Kisha tukamwambia, "zilizohesabiwa ni 240,000." Ndiyo ile 4,000 tena. Kati ya watano, wawili walipata 244,000 bila msaada. Mmoja alisahau mikopo, na alipoonyeshwa akacheka na kusema, "Kumbe ile haijaingia droo bado." Tukamwandikia alama ya kati, maana anafundishika. Wawili wa mwisho walijumlisha kila kitu.

Alama ni rahisi: sifuri, moja au mbili kwa kila swali na kila jaribio. Maswali matano na majaribio matatu yanafanya jumla ya 16. Ziandike mara tu mtu anapotoka, kabla hujamwita mwingine, kwa sababu baada ya watu watatu sura zinachanganyika. Kila mmoja wenu aandike za kwake, mlinganishe mwishoni. Mkitofautiana kwa alama mbili kwenye swali moja, someni tena alichosema. Tukio moja la uongo ulio wazi linafuta alama zote.

Mlipe nauli kila aliyeitwa ikiwa unaweza. Na kama unataka kumwona mtu akiuza kweli kwa siku moja, mlipe siku hiyo. Kumfanyisha mtu kazi bure na kuiita majaribio ni dhuluma.

Hatua ya 7: Wapigie waliomfahamu

Namba za wadhamini zinaweza kuwa za rafiki aliyeandaliwa. Jina lililosajiliwa hujitokeza unapoanza kutuma pesa kwa simu, kabla ya kuthibitisha. Angalia kama linafanana na ulilopewa, kisha sitisha. Halafu uliza maswali matatu: alifanya nini kwako na kwa muda gani, aliachaje kazi, na je, leo ungemchukua tena? Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Anayejibu "hata kesho" umemsikia. Anayenyamaza kidogo na kusema "ni mtoto mzuri tu" naye umemsikia. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa inathibitisha anakoishi; haisemi lolote kuhusu kazi yake, kwa hiyo usiifanye mbadala wa simu hizi.

Mweka hazina wa kikoba alipata 14, kondakta 12. Mwenyekiti wa kikoba alisema, "Alikuwa anatusumbua na daftari lake." Dada akamchagua.

Hatua ya 8: Karatasi ya kwanza

Kabla hajaanza, mpe maelezo ya kazi kwa maandishi: majina ya pande mbili, kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa, mshahara na siku ya kulipwa, likizo (siku 28 kwa mwaka), na muda wa majaribio. Nakili kutoka kwenye tangazo. Kama uliliandika vizuri, nusu ya mkataba imeshakamilika. Ongeza ukurasa mmoja wa taratibu za pesa: nani anakopeshwa na hadi kiasi gani, namba ipi ya malipo ndiyo ya duka, na kwamba droo inahesabiwa na wote wawili saa 5:30 anapoingia na saa 2:00 anapotoka, kila mmoja akiweka saini. Kuhesabu huko anapoingia watu wengi hukusahau. Usipohesabu asubuhi, upungufu wa jioni hauna mwenyewe.

Jioni hiyohiyo dada aliwaandikia wanne waliobaki: "Asante kwa kuja. Nafasi imechukuliwa na mwingine. Hesabu zako za chenji zilikuwa nzuri, za kufunga siku ndizo zilizokuangusha." Kila mmoja alimwandikia lake. Kondakta alijibu akiomba atumiwe ile karatasi ya kufunga hesabu, akajifunze. Alitumiwa.